Kikohozi cha Zihindula

Mpwa wangu Hyacinthe ana kaburi lake Kigoma, na mwenyewe bado anakula na kuvaa viatu. Nalijua kaburi hilo vizuri. Jina lake pale msalabani nililiandika mimi Polycarpe kwa rangi nyeusi, kwa sababu katika ukoo wetu hakuna mwenye mwandiko unaoukaribia wangu. Shule niliiachia darasa la sita, ni kweli, lakini wapo waliofika chuo kikuu ambao wakiandika utadhani kuku kakanyaga masizi.

Dada yangu alizaa wavulana wawili tu. Wa kwanza Zihindula, na baada ya mwaka na nusu Hyacinthe. Walifanana hata mimi mjomba wao nilikuwa namgombeza huyu kwa kosa la yule. Ukiacha paji la uso la Zihindula, lililokuwa pana kidogo, kilichowatofautisha ni kimoja. Zihindula hakuingia nyumba ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe, bila kusimama mlangoni na kukohoa mara mbili. Hakuwa mgonjwa. Ndiyo ilikuwa hodi yake. Katika kambi yetu ya wakimbizi, nyumba za matope zikiwa zimebanana, ukisikia koh, koh, unajua Zihindula amerudi na kuni.

Miaka kumi na saba iliyopita Zihindula, mke wake Josiane na mtoto wao Patricia wa miezi minane walikuwa na faili ya kwenda Amerika. Hyacinthe aliishi nao, ila faili yake ilikuwa imekwama mahali. Zilibaki siku tisa wafike kwenye mahojiano ya mwisho. Malaria ikampanda Zihindula kichwani, na kwa siku mbili ikammaliza.

Hapo ikafanya kazi akili yangu, ambayo watu wengi wanaihusudu mpaka leo. Kama tungeripoti kifo, faili ingerudi mwanzo, na huo mwanzo tuliujua: miaka sita, saba, labda hakuna. Niliwatazama wote mle ndani nikasema, "Aliyekufa ni Hyacinthe. Zihindula yule pale, amekaa kwenye ndoo."

Hakuna aliyenijibu. Josiane alinitazama kwa muda, kisha akamgeuzia mtoto ziwa la pili.

Tukamzika Zihindula kwa jina la mdogo wake. Tukaweka matanga ya siku moja, na Hyacinthe akakaa mkekani katikati ya waombolezaji akipewa pole kwa kufiwa na Hyacinthe. Josiane hakuruhusiwa kulia kilio cha mjane, maana mume wake yuko pale, mzima. Majirani wa karibu walijua wakanyamaza. Kambini kila nyumba ina lake la kunyamaziwa. Hivyo Zihindula akaondoka duniani bila mtu hata mmoja kumlilia kwa jina lake. Mimi nilirudi kwangu nikijipongeza.

Wakaletwa Louisville, mtaa wa Beechmont, na mimi nikafuata baada ya miaka miwili kwa faili yangu halali kabisa, nawaambia mapema kabla hamjaniangalia hivyo. Nilimkuta Hyacinthe amepata kazi kwenye kiwanda cha vifuniko vya plastiki. Msimamizi akiita "Zihindula", haitiki upesi. Anasubiri kidogo kama mtu anayempa nafasi mwenzake ajibu kwanza, kisha ndiyo anageuka. Nilimtania kwamba masikio yake yamebaki Kigoma. Hakucheka. Kila tarehe ya kuzaliwa ya marehemu, wenzake kazini walimletea keki, na kila mwaka aliirudisha nyumbani nzima ndani ya boksi, akaishusha kwenye pipa la takataka kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Na Josiane naye? Walikaa vyumba viwili, shemeji na shemeji, huku dunia nzima ikiwaita bwana na bibi. Patricia alilelewa na Hyacinthe hasa, kwa sababu Josiane alikuwa na zamu za kutunza wazee. Hyacinthe ndiye aliyejifunza kumsuka, vibaya, nywele zikitazama kila upande. Ndiye aliyesimama naye kituo cha basi la shule kwenye barafu. Mtoto akamwita papa, na nani angemkataza?

Mwaka wangu wa pili Louisville kikaanza kile kitu. Jumamosi moja saa nne asubuhi nilikuwa kwao nakunywa chai. Josiane alikuwa jikoni anaosha vyombo. Mlangoni tukasikia koh, koh. Sahani ikamponyoka Josiane ikavunjika, na mimi, ambaye siogopi kitu, nilijikuta nimesimama nimeshika kikombe kisicho na chai, chai yote iko kwenye suruali. Akaingia Hyacinthe na mfuko wa mchele.

"Umekohoa," Josiane akamwambia.

"Si miye," akajibu. "Inakuja yenyewe."

Kuanzia siku hiyo ilikuja yenyewe kila alipofika mlangoni. Alijaribu kubana pumzi, alijaribu kuimba. Kikohozi kilipita katikati ya wimbo. Josiane alivumilia miaka, lakini alikuwa anakonda kwa kukisikia, na Patricia alipofika miaka kumi akamchukua wakahamia Buffalo kwa dada yake. Watu wa kanisa wakasema wameachana. Tukawaacha waseme.

Hyacinthe akabaki peke yake, akimpigia binti simu kila Jumapili baada ya ibada. Siku moja nilimfuata nyuma bila yeye kujua, nikamwona amefika mlangoni pake, nyumba ikiwa tupu. Akakohoa mara mbili. Halafu hakufungua. Alisimama na ufunguo mkononi akisikiliza, kama anayengoja kujibiwa. Nilirudi nilikotoka bila kumsalimia, na hadithi hiyo sikumsimulia mtu.

Mwaka jana akahamia Columbus, akapanga chumba mtaa wa Linden kwenye nyumba ya zamani ambayo ngazi zake zinalia, akapata kazi ya kufunga maboksi kwenye ghala moja kubwa. Kwenye meza ya kazi alipangwa pamoja na mzee wa Kiburma anaitwa U Sein, ambaye amewahi kuwa mtawa wa Kibudha miaka kumi na minane kabla vita havijamfukuza. Hilo neno U, niliambiwa, si jina. Ni heshima, kama kusema mjomba. Kwa hiyo Hyacinthe alikuwa amepata mjomba mwingine bila kuniuliza.

Siku moja wakati wa chakula Hyacinthe akamwambia mzee yule, kwa Kiingereza cha kuvunjika cha wote wawili, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mchungaji: kwamba anaitwa kwa jina la maiti, kwamba lipo kaburi lenye jina lake, kwamba kuna mtu anakohoa ndani yake, na hajui tena yeye ni nani.

U Sein hakushtuka. Akavuta maboksi matano matupu, akamwambia tutafute. Boksi la kwanza ni mwili. Huo ndio wewe? Kama ni wewe hasa, uamuru mgongo usiume. Hauamriki. Uliokuwa nao ukiwa mtoto uko wapi? Umebadilika wote. Boksi la pili ni hisia: tamu, chungu, na ile isiyo tamu wala chungu. Huja na kuondoka bila kukuomba ruhusa. La tatu ni kutambua, kwamba hii ni nyekundu, hii ni sauti ya Josiane. Nako kunakosea na kusahau. La nne ni misukumo: nia, mazoea, hasira, tamaa, yote yanayokusogeza kufanya jambo. La tano ni kule kujua kwenyewe, kuona na kusikia, kunakozuka jicho likikutana na rangi na sikio likikutana na sauti, kisha kunazimika. Katika haya matano, mzee akamwambia, tafuta kitu kimoja kisichobadilika, kinachoyamiliki yote na kuyaamuru. Ukikikosa, usiseme juu ya lolote kati ya hayo, hiki ni changu, hiki ni mimi.

Hyacinthe alitafuta, boksi kwa boksi. Hakukiona. Kengele ya kazi ikalia. Mzee akamwambia kesho tutamalizia.

Kesho yake U Sein alikwenda kupasuliwa mtoto wa jicho, akakaa nyumbani wiki tatu. Na mpwa wangu akarudi Linden na nusu ya somo, na nusu hiyo akaimeza kama mtu mwenye njaa. Hakuna mtu! Zihindula hakuna, Hyacinthe hakuna, basi kaburi halina mtu na uongo hauna aliyeusema. Aliniambia baadaye kwamba siku ile alitembea mtaani mwepesi kama ameshushiwa gunia la mahindi. Siku ya tatu wepesi ukawa baridi. Akaacha kwaya. Akaacha kupika. Akinawa uso alitazama kioo kama mtu anayepita dirisha la nyumba iliyohamwa.

Ndani ya wiki hizo tatu Patricia akapiga simu. Ameshakaribia miaka kumi na minane. Katika vitu vya mama yake alikuta picha ya kambini, wanaume wawili wamesimama, nyuma mama ameandika majina. Yule anayemwita papa ameandikwa Hyacinthe. Yule mwingine, mwenye paji la uso kama lake, ameandikwa Zihindula, baba Patricia. Alimuuliza mama yake, mama akalia akasema, muulize mwenyewe. Basi akamuuliza.

"Papa, wewe ni nani?"

Hyacinthe akasema, "Hakuna mutu hapa." Akakata simu.

Binti akapiga mara tisa. Kisha akanipigia mimi huku Louisville, na nilichosikia kwanza ni kilio, dakika nzima. Akaniambia kwa Kiingereza, maana akiumia Kiswahili humkimbia, kwamba anangoja mpaka Jumapili. Baada ya Jumapili hatamwita mtu yule papa, wala hatamwita kitu kingine chochote.

Ijumaa asubuhi nikapanda gari langu, ambalo watu wanalicheka kwa sababu ya mlango mmoja wa rangi nyingine lakini halijawahi kuniacha njiani, nikaenda Columbus. Nilimkuta Hyacinthe amekaa kwenye kiti, mikono magotini, koti limetundikwa mbele yake, akilitazama. Nikamwambia binti analia. Akasema kilio kinatokea tu. Nikamwambia unaonekana huli. Akasema hakuna anayekula. Nikamwita kwa jina lake halisi, lile la utotoni, ambalo sikuwa nimemwita kwa miaka kumi na saba.

"Hyacinthe."

Hakugeuka. Nimeona maiti wengi katika vita vyetu, na hakuna aliyenitisha kama huyu aliyekuwa anapepesa macho.

Mawazo yangu ya kwanza yalikuwa mchungaji na mafuta. Ya pili yalikuwa kumtafuta huyo Mburma, ambaye Hyacinthe alikuwa amenisimulia kwa simu, nimpige maswali. Nikachagua la pili, kwa kuwa kwa maswali sijawahi kushindwa. Nikamshika mpwa wangu mkono kama kipofu, tukaenda kwa U Sein. Ni nyumba ya kawaida, viatu vingi mlangoni, ndani harufu ya mchele na uvumba. Hyacinthe akakohoa mara mbili akivua viatu. Mzee mdogo mwenye kitambaa kwenye jicho moja akatukaribisha, nami nikamrukia hapohapo: amemfanya nini mtoto wa dada yangu, na kama hakuna mtu, basi mimi nachukua chombo hiki cha chakula chake na hakuna wa kulalamika. Nikakichukua kweli.

"Kula," akasema. "Utashiba pale ulipo, na hapa nilipo njaa itabaki. Shibe yako haitahamia kwangu. Umeona? Hakuna mmiliki wa kudumu ndani yangu wala ndani yako, lakini mikondo ni miwili, na kila mmoja unakwenda na yake."

Nikarudisha chombo mezani. Kilikuwa na samaki, lakini nilirudisha.

Halafu akamgeukia Hyacinthe, na sauti yake ikawa ya chini. "Simu ilikatwa?"

"Ilikatwa."

"Msichana alilia?"

"Alilia."

"Kile kilio kilikuwepo au hakikuwepo?"

Hyacinthe aliitazama mikono yake. "Kilikuwepo," akasema.

"Basi kwa nini unasema hakuna kitu? Nilikuambia utafute mwenye nyumba, hukumwona. Sikukuambia nyumba haipo. Yale maboksi matano ulipoyafungua yalikuwa matupu ya bwana. Hayakuwa matupu ya mwili, ya uchungu, ya nia. Hivyo vyote umevikuta. Vinatokea kwa sababu. Sababu ikiwepo, hiki kinatokea. Ikikoma, hiki kinakoma. Kitu kinachotokea kwa sababu huwezi kusema hakipo, na huwezi kusema kinakaa milele."

Mimi nikasema mambo hayo ni ya kuzungusha watu. Mzee akaniuliza nilikuja Columbus na nini; nikamwambia na gari, ila Louisville napanda basi la jiji. Akauliza, dereva ni yuleyule kila siku? Si yuleyule. Gari ni lilelile? Hubadilishwa. Abiria? Hubadilika kila kituo. Basi hiyo njia ya basi iko wapi, kwenye gurudumu, kwenye usukani? Nikasema haiko mahali pamoja. Akasema, simama katikati ya barabara yake saa mbili asubuhi uniambie kama haipo.

Nikakubali ameshinda, jambo ambalo halitokei mara nyingi, nawaomba mliandike mahali.

Akatueleza kwamba kuna mitaro miwili kandokando ya njia yao. Mtaro mmoja ni wa anayesema ndani yake kipo kitu kimoja kisichoguswa na chochote, yeye wa siku zote. Mtaro wa pili ni wa anayesema hakuna chochote, tendo halina tunda, mtu akifa au akikata simu mambo yamekwisha. Akasema huu wa pili una hatari zaidi kwa mtu mwenye majuto, kwa sababu unafanana na kupona. Akasimulia kwamba zamani mtu mmoja alimwendea Buddha, akamwuliza, je, nafsi ipo? Buddha akanyamaza. Je, haipo? Akanyamaza tena. Mtu yule akaondoka. Mwanafunzi alipouliza sababu, Buddha akasema kwamba kujibu ipo kungekuwa kumtupa kwenye mtaro wa kwanza, na kujibu haipo, mtu aliyekuwa amechanganyikiwa tayari angechanganyikiwa zaidi, akidhani: nilikuwa nayo, sasa nimepotelewa nayo.

"Mutu huyo ni miye," Hyacinthe akasema, na hapo nikaona macho yake yamejaa maji. Sijawahi kufurahi hivyo kumwona mtu akilia.

Mzee akasema ndiyo maana alijuta kumwacha nusu ya njia, na jicho lake likimwuma wiki zile alimwaza. Kisha akamwambia: uongo wa kambini ulikuwa na nia iliyousukuma. Tunda lake limemwangukia msichana. Hakuna haja ya kumtafuta Hyacinthe wa chuma aliyejificha ndani ili alibebe. Mkondo uleule uliosema uongo ndio uliomsuka nywele na kukata simu, na mkondo huo uko hapa umekaa kwenye mkeka wangu. Ukisema ukweli leo, nalo ni tendo, nalo lina tunda.

Hyacinthe akauliza lililomkaa moyoni miaka yote. "Na kikohozi? Ndugu yangu ameingia ndani yangu?"

"Ulikisikia mlangoni tangu ukiwa mtoto," U Sein akasema. "Sikio, kisha kumbukumbu, kisha mazoea, kisha koo. Hakuna mtu aliyehama kutoka kwake kuja kwako. Lakini usiseme pia hakuna kilichotoka kwake. Si yeye, na si kitu kisichomhusu."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Mzee akasema kwao wanafundisha kwamba mkondo haukatiki kwa kifo, moto huwasha moto mwingine bila kitu kubebwa katikati. Ila ndugu yako amewaka wapi, mimi sijaona, sitakudanganya. Mimi Mkristo, nilibaki na roho yangu mahali pake na nikamwambia hivyo. Akasema sawa, akanipa samaki.

Jumamosi tukaondoka mapema kwenda Buffalo. Hyacinthe hakuzungumza mpaka tulipoanza kuliona ziwa, la kijivu, barafu iliyovunjika imesongamana pwani. Akasema, "Mjomba, kaburi lile, ulinizika vizuri?" Sikujua ananitania au la. Nikasema nilikuzika vizuri sana. Akatikisa kichwa, na safari ikaendelea, na ninyi mnaopenda kusema mimi siwezi kunyamaza mngeniona saa ile.

Nyumba ya Josiane iko North Buffalo, ghorofa ya chini, ukumbi wa mbele umejaa koleo za theluji. Ilikuwa saa saba mchana. Hyacinthe alisimama mbele ya mlango, na kabla hajainua mkono kubisha, kikaja: koh, koh.

Na kutoka ndani, nyuma ya mlango uliofungwa, kikajibu. Mara mbili.

Nilishika nguzo. Hyacinthe alikuwa mweupe midomoni. Miaka yote ile alisimama kwenye milango mitupu akingoja, na sasa amejibiwa. Mlango ukafunguka. Alikuwa Patricia, paji la uso la Zihindula, mkono ungali mdomoni.

"Unakohoa vile tangu lini?" Hyacinthe akamwuliza.

Binti akainua mabega, akasema tangu zamani, ni kitu anachofanya akiwa mlangoni, amekitoa kwa papa. Yule aliyemzaa alifariki kabla yeye hajaota jino. Kimemfikia kupitia koo la mtu mwingine. Hyacinthe akaegemea ukuta, na nikaona lile somo la U Sein limeingia mahali ambapo maboksi hayakufika.

Tulikaa jikoni, sisi wanne. Josiane hakutoa chai. Alikaa amekunja mikono. Picha ilikuwa mezani. Hyacinthe hakuzunguka.

"Jina langu ni Hyacinthe," akasema. "Baba yako ni huyu, Zihindula, kaka yangu. Alikufa wewe ukiwa na miezi minane. Nilichukua jina lake tukakuja nalo. Na simu ile, miye njo nilikata. Nilisema hakuna mutu. Ilikuwa uongo mwingine."

Patricia akauliza kwa Kiingereza: kwa hiyo aliyenilea ni nani? Hakuna?

"Mikono hii," Hyacinthe akasema, akaiweka mezani. "Ilikusuka vibaya. Ikakosea ikarudia. Hayo yalikuwepo, hata kama jina halikuwa langu."

Binti aliitazama ile mikono. Kisha akauliza, kwa Kiswahili safari hii, polepole, "Nani alipanga?"

Josiane aliinua macho akanitazama kama alivyonitazama siku ile kambini. Nami nawaambieni kweli, jibu lilikuwa tayari limenijia ulimini, laini, lenye elimu: hakuna mtu, mjukuu wangu, ni sababu na matokeo tu. Njaa, faili, malaria. Ningeweza kulisema vizuri kuliko hata U Sein. Nilihisi mtaro wa pili uko chini ya kiti changu, umefunikwa majani.

"Ni mimi," nikasema. "Wote walinyamaza, mimi nikasema. Na nilijisifu."

"Babu," Patricia akasema, hakuongeza kitu.

Ya karatasi ni ya Hyacinthe na mwanasheria aliyekwenda kumwona wiki iliyofuata. Sitayaandika hapa, na msiniulize. Siku ile binti alitaka kitu kimoja. Alitaka kujua kama baba yake aliwekewa matanga kwa jina lake. Mama yake akatikisa kichwa kukataa. Basi Patricia akaingia chumbani akatoka na mkeka, akautandaza sebuleni mchana ule, jua la baridi likiingia dirishani, akaisimamisha picha kwenye kopo la maziwa ya unga. Tukakaa chini. Magoti yangu yalilalamika, nikayaambia nyamazeni, hayakunisikia. Mwili hauamriki, mzee alisema kweli.

Kwetu lazima mtu asimulie maisha ya marehemu. Nikayasimulia mimi, bila chumvi, mnaonijua mnajua ilinigharimu. Kuni alizobeba, jinsi alivyocheka akiwa amefumba macho. Nilipofika kwenye jina, Patricia akalitamka mwenyewe kwa sauti, Zihindula, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na saba nikaona Hyacinthe hakusubiri, hakugeuka, hakushtuka. Aliliacha lipite liende kwa mwenyewe.

Hapo ndipo Josiane alipolia. Alilia kilio cha mjane, kile cha kutoka tumboni, alichokuwa amekatazwa. Patricia akamshika bega, na mkono wa pili akampa Hyacinthe. "Baba mdogo," akamwambia. Alilijaribu neno hilo kama mtu anayejaribu kiatu kipya, kisha akasema tena, "Papa mdogo," akaonekana hili linamkaa vizuri zaidi.

Kilio kikatulia. Tukakaa mbele ya picha, kila mtu na lake.

Ndipo mle ndani mtu akakohoa. Mara mbili, taratibu, kama anayeomba kuingia.

Nilimtazama Hyacinthe, midomo yake ilikuwa imefungwa. Nikamtazama Patricia, mkono wake hauko mdomoni. Josiane alikuwa ameinamisha kichwa. Wote watatu waliinua nyuso, na walikuwa wananitazama mimi.